Kuhamishia Windows kwenye SSD bila kuanza upya

Laptopu yenye umri wa miaka kumi mara nyingi haijachoka kama inavyoonekana. Prosesa yake bado inamudu kazi za ofisini, kioo kizima, kibodi nzima. Kinachoifanya ichukue dakika kadhaa kuwaka ni diski ngumu. Ndani ya diski hiyo kuna sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko juu yake. Kila Windows inapotaka faili dogo, kichwa kinasogea, kisha kinasubiri sahani ilete mahali panapotakiwa. Kusubiri huko ni milisekunde kumi na kitu tu, lakini Windows ikiwaka inaomba mafaili kwa maelfu. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea, kwa hiyo kusubiri huko karibu kunakwisha kabisa.

Kuna njia mbili za kuhamia. Ya kwanza ni kufunga Windows upya kwenye SSD tupu, na ndiyo bora iwapo Windows ya zamani ina virusi au inajizima ovyo, kwa sababu ugonjwa nao hunakiliwa. Ya pili ni kukloni, yaani kuhamisha diski nzima kama ilivyo. Tuchukue laptopu ya duka la vifaa vya shule na fotokopi. Ina diski ya GB 500 na kilichojazwa ni GB 190. Humo mna programu ya mauzo ya miaka mingi. Fundi aliyeifunga hapatikani tena na karatasi ya leseni imepotea. Ukifunga Windows upya, programu hiyo imekwenda. Hapa kukloni ndilo jibu.

Kinachonakiliwa ni zaidi ya mafaili

Watu wengi hujaribu kwanza kubeba kila kilichomo kwenye C: na kukibandika kwenye SSD. Haifanyi kazi. Mafaili mengi ya Windows yamefungwa wakati Windows inatumika, na kompyuta haianzi kuwaka kutoka C: hata hivyo. Ukifungua `diskmgmt.msc` utaona kwamba diski imegawanywa. Kwenye laptopu ya aina hii kwa kawaida kuna patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi ya MB 100, yenye mafaili ya kuwashia. Inafuata C: yenyewe, na mwishoni kuna patisheni ya kuokolea Windows inapoharibika. Iko pia nyingine ya MB 16 ambayo dirisha hilo haliionyeshi.

Programu ya kukloni huanza kwa kusoma ramani ya mgawanyo huo na kuichora upya kwenye SSD. Kisha hujaza kila patisheni. Zipo zinazonakili diski yote sekta kwa sekta, pamoja na nafasi tupu. Clonezilla, ambayo ni ya bure, husoma kwanza orodha ya C: inayoonyesha sehemu zipi zina data, kisha huchukua hizo tu. Kwa duka letu, hiyo ni GB 190 badala ya 500.

Lakini ramani ina ugumu wake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. Dukani utakuta SSD za GB 480, 500 na 512 zimepangwa pamoja na bei zake zinakaribiana. Mwenye duka letu akichukua ya 480, kwa kuwa data yake ni 190 tu, Clonezilla kwa mpangilio wake wa kawaida itakataa. Diski ya zamani ina baiti bilioni 500 na kidogo, mpya ina bilioni 480, na ile patisheni ya kuokolea imekaa mwisho kabisa wa diski ya zamani, mahali ambapo kwenye mpya hapapo. Kupunguza C: peke yake hakutoshi, maana patisheni ya mwisho inabaki palepale ilipo. Zipo programu zinazojua kuisogeza, na baadhi ya watengenezaji wa SSD hutoa programu ya namna hiyo kwa wateja wao. Ila njia isiyo na usumbufu ni kununua SSD isiyopungua diski ya zamani. Usitazame namba za Windows ukadhani umepunjwa: Windows huhesabu kwa vipimo vikubwa zaidi, kwa hiyo 500 huonekana 465, 480 huonekana 447 na 512 huonekana 476.

Kabla ya kulipa, hakikisha pia umbo. Diski za laptopu za zamani ni za inchi 2.5 na plagi ya SATA. Laptopu za karibuni hutumia kijiti cha M.2, na chenyewe kina aina mbili, SATA na NVMe, ambazo hazibadilishani kila mahali. Fungua kava uone kilichopo, au soma mwongozo wa modeli yako.

Kuiandaa diski ya zamani

Anza na afya yake. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea. Tazama mstari wa `Current Pending Sector`. Ukiwa na sifuri, endelea. Namba ikiwa juu ya sifuri, zipo sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma, na kuilazimisha isome GB 190 mfululizo kunaweza kuimaliza. Katika hali hiyo nakili kwanza mafaili ya thamani kwenye diski ya nje. Baada ya hapo tumia `ddrescue`, inayovuna kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi na kurudia sehemu mbovu mwishoni.

Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

```
manage-bde -status C:
powercfg /h off
chkdsk C: /f
```

Amri ya kwanza inaonyesha kama C: imefungwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Ukiona `Fully Decrypted`, ni salama. Vinginevyo zima ulinzi huo kwa `manage-bde -off C:` na usubiri umalizike, kwa sababu C: iliyofungwa haisomeki orodha yake, na Clonezilla italazimika kunakili hata nafasi tupu. Amri ya pili inaondoa mtindo wa Windows wa kujizima nusu ili iwake haraka. Mtindo huo huacha C: ikiwa kama bado inatumika, na Clonezilla huweza kugoma kuigusa. Ya tatu hukagua C: na kurekebisha makosa, itaomba kufanya hivyo kompyuta ikiwaka tena. Jibu `Y`, iwashe upya, kisha uizime kabisa.

Kunakili

SSD iunganishe nje kwa kebo ya SATA kwenda USB, diski ya zamani ibaki ndani. Tumia tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Diski ya zamani ikisoma MB 80 kwa sekunde, GB 190 zitahama kwa dakika kama 40. Kwenye tundu la USB 2, linalopitisha MB 30 hivi kwa sekunde, kazi hiyohiyo inachukua saa moja na dakika 45.

Washa laptopu kutoka kwenye fleshi yenye Clonezilla. Chagua `device-device`, kisha `Beginner`, kisha `disk_to_local_disk`. Hapo utaulizwa diski ya kutoka na diski ya kwenda, nazo zitatajwa kwa majina kama `sda` na `sdb`. Usikariri kwamba `sda` ndiyo ya zamani daima. Soma jina la mtengenezaji na ukubwa ulioandikwa pembeni: ya kutoka ni ya 500, ya kwenda ni ya 512. Ukizigeuza, SSD tupu itanakiliwa juu ya data ya duka, na hakuna kurudi nyuma. Clonezilla huuliza tena kabla ya kuandika. Kila mara isome mistari hiyo upya kabla ya kujibu.

Ikimaliza, zima. Usiwashe Windows diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Kloni imebeba hata kitambulisho cha diski, na Windows ikikuta mbili zenye kitambulisho kimoja huifungia moja.

Kuifunga ndani

Chomoa chaja na uondoe betri. Ikiwa betri iko ndani, fungua kava la chini kisha uchomoe plagi yake kwenye bodi kabla ya kugusa kingine chochote. Skrubu huwa za urefu tofauti, kwa hiyo zipange mezani kwa mpangilio wa matundu zilikotoka. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kava la juu.

Diski ya zamani hukaa ndani ya fremu nyembamba ya chuma. Fungua skrubu za fremu, kisha ivute diski kwa mlalo, kuelekea upande usio na plagi. Ukiinyanyua moja kwa moja juu utavunja plagi. Kwenye modeli zenye utepe mwembamba badala ya plagi ya kwenye bodi, shika kichwa cha plagi na si utepe. Hamishia fremu kwenye SSD. SSD ya inchi 2.5 kwa kawaida ina unene wa milimita 7, na nafasi iliyotengenezewa diski ya 9.5 huiacha ikicheza. Bandika kipande chembamba cha plastiki juu yake. Isukume kwenye plagi mpaka pasionekane mwanya, rudisha betri, funga kava.

Inapogoma, na inapokubali

Laptopu ikisema haioni diski ya kuwashia, fungua tena uangalie plagi, maana hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Plagi ikiwa sawa, ingia BIOS uone kama SSD imetajwa. Ikitajwa lakini haiwashi, inawezekana ilinakiliwa C: peke yake bila patisheni ya EFI, na kazi inarudiwa kwa kunakili diski nzima.

Ikiwaka, fungua `diskmgmt.msc`. Patisheni zitakuwa zilezile, na mwishoni patabaki GB 11 hivi zisizogawiwa. Ziache, SSD hufaidika na nafasi ya akiba. Kama ulikuwa umezima BitLocker, sasa iwashe tena.

Kipimo cha mwisho kwa duka letu ni ile programu ya mauzo. Ifungue, ingiza bidhaa moja, chapisha ripoti ya mwezi. Leseni ya Windows yenyewe huegemea zaidi bodi, kwa hiyo kwa kawaida haisumbui. Lakini zipo programu zinazosoma namba ya kiwandani ya diski, na namba hiyo haikloniwi. Programu ya namna hiyo itadai leseni upya. Ndiyo maana diski ya zamani haifutwi siku hiyo. Iandike tarehe, iweke mahali pakavu, na ukae nayo mpaka mwezi wa mauzo ufungwe kwenye SSD bila tatizo. Programu ikigoma, unairudisha diski hiyo ndani, duka linaendelea kuuza, nawe unapata muda wa kumtafuta mtengenezaji wa programu.