Simu Iliyojipiga Mfukoni: Namna ya Kuisoma na Kuamua Kama Inadai Jibu

Simu inayojipiga yenyewe mfukoni, au ujumbe wa herufi zisizosomeka uliotumwa na vitufe vilivyobanwa ndani ya mkoba, ni jambo dogo mahali ambapo kila mwenye neno hupiga na kungoja apokewe. Kwa watu wanaowasiliana kila siku kati ya Kakiika, katika Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa huko simu isiyopokewa ni ujumbe kamili. Desturi hiyo ni kubipu, yaani kupiga simu na kuikata kabla mwenzako hajapokea, ili jina lako lionekane kwenye kioo chake bila senti kutoka kwenye salio lako.

Mtafiti Jonathan Donner, aliyeichunguza desturi hii hasa nchini Rwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007, alizigawa bipu katika mafungu matatu: ile inayoomba kupigiwa, ile ambayo maana yake imekubaliwa mapema (kwa mfano, “nimefika”), na ile ya kujuliana hali tu. Alionyesha pia kwamba baina ya watu wawili, mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kugharamia mazungumzo. Kwa kanuni hiyo, ndugu mwenye kazi mjini asipoitikia bipu ya ndugu aliye kambini, ukimya wake husomwa kama kukataa, hata kama yeye aliamini kwa dhati kuwa simu ilibonyezeka kwa bahati mbaya. Kosa la kudhania, basi, lina gharama ya udugu, na ndiyo maana inafaa kujua dalili.

Dalili ya kwanza ni mkono wa anayekata. Bipu hukatwa na mtu, tena mapema, baada ya mlio mmoja au miwili, kwa sababu mpigaji anaogopa kupokewa na kutozwa. Simu iliyojipiga haina mtu wa kuikata, kwa hiyo huendelea kuita mpaka mtandao wenyewe uikatize, kisha mara nyingi hurudia, maana kitufe kilekile bado kimebanwa. Mtu aliyeusikia mlio huo anayo habari ambayo orodha ya simu zilizokosa kupokewa haitoi sikuzote, kwani simu nyingi huandika saa ya kupigwa na kuacha muda wa kuita. Dalili hii ina mpaka wake: betri ikizimika au mtandao ukipotea baada ya mlio mmoja, simu iliyojipiga, na hata simu ya dharura ya kweli, hufanana kabisa na bipu.

Dalili ya pili imo katika maandishi, na kwa watumiaji wa simu ndogo za vitufe, zile ziitwazo vitochi, ni dalili nzuri ajabu. Katika simu hizo kila kitufe kuanzia 2 hadi 9 hubeba herufi tatu au nne, na kubonyeza mara moja huleta herufi ya kwanza tu: 2 huleta a, 3 huleta d, 4 huleta g, 5 huleta j, 6 huleta m, 7 huleta p, 8 huleta t na 9 huleta w. Mtu anayeandika Kiswahili hawezi kwenda mbali bila i, k, n au u, ambazo zote hudai kitufe kibonyezwe zaidi ya mara moja kwa haraka, ilhali funguo au sarafu iliyo mfukoni hugusa hapa na pale bila mpango. Kwa hiyo ujumbe kama “ptwjm adg” una alama ya mfuko waziwazi zaidi kuliko ujumbe kama “nku”, ambao waweza kuwa ufupisho wa mwanzo wa “nakuomba” ulioandikwa na mtu mwenye haraka au mwenye mikono inayotetemeka. Simu ya kugusa kioo nayo huweza kujiandika mfukoni, kwa sababu kioo huhisi umeme mdogo wa mwili, na kitambaa chembamba kilicholowa jasho huupitisha; herufi zake huelekea kuwa majirani wa mstari mmoja, kama “ghjk”.

Dalili ya tatu ni nafasi ya anayepigiwa. Simu inayojipiga haichagui ndugu. Humwangukia aliyepigiwa mwisho, au yule ambaye jina lake liko juu ya orodha, hivyo kina Abdallah na Amina husumbuliwa zaidi ya wengine. Aliyezungumza na mpigaji jana usiku ana sababu zaidi ya kushuku bahati mbaya kuliko aliyekaa miezi bila salamu.

Simu iliyojipiga ikapokewa ina adabu yake. Dakika zinazopita huku mpokeaji akisikiliza hatua za miguu na maongezi ya sokoni zinakula salio la mpigaji, ambalo huenda lilinunuliwa kwa shilingi mia tano za siku ile. Inatosha kumwita mara mbili kwa jina, kutega sikio kwa muda mfupi kama kuna kilio au wito, kisha kukata. Nambari ngeni ya nje ya nchi inayoita mara moja tu ni jambo jingine: upo utapeli wa kale, uliopata jina la wangiri kutoka Japani, unaomvuta mtu apige tena nambari yenye gharama kubwa. Mwenye ndugu waliohamishiwa ng’ambo hushawishika kwa urahisi, na ni salama zaidi awaulize ndugu hao kupitia nambari zao anazozijua.

Chukuliwe mfano wa muuza mitumba wa Kakiika ambaye shangazi yake anaishi Rubondo, mojawapo ya kanda za Nakivale. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ya shangazi inaita mpaka inakatika, na baada ya dakika chache unaingia ujumbe “ptwjm”. Jana usiku walizungumza, na saa hizo shangazi huwa njiani kwenda shambani, simu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge. Kila dalili inasema bahati mbaya. Lakini katika mazungumzo ya jana shangazi alitaja homa ya mtoto, na habari hiyo haipunguzi uwezekano wa bahati mbaya bali inaongeza hasara ya kukosea. Jibu linalofaa ni lile lisilomgharimu shangazi chochote: “Habari ya asubuhi shangazi, nimeona simu yako. Kama ilijibonyeza, usihangaike kujibu. Kama kuna neno, nibipu mara mbili, nitakupigia.”

Ujumbe huo unaupa ukimya wa shangazi maana njema, ila kwa sharti kwamba umemfikia na kwamba yeye hujisomea, kwani asiyesoma hana budi kupigiwa. Mtandao huhifadhi ujumbe mpaka simu iliyozimwa iwashwe, na ripoti ya kupokelewa, ambayo simu nyingi huitoa ikiwashwa kwenye mipangilio ya ujumbe, huonyesha kuwa ujumbe umeingia kwenye simu, ingawa haithibitishi kuwa umesomwa. Ripoti isipofika, ukimya hauna maana yoyote, na saa ya shangazi kurudi kutoka shambani ikipita bado haijafika, mpwa huyo apige kwa jirani wa Rubondo na kumwomba apite nyumbani kwake.