Orodha Nne Bila Uamuzi

Mnamo 1997 watafiti Terry Hill na Roy Westbrook walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kampuni za Uingereza. Takriban 50 zilichunguzwa, na zaidi ya 20 kati yake zilikuwa zimefanya uchambuzi wa SWOT, ule wa kuorodhesha nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Orodha zilikuwa ndefu na maneno yake ya jumla. Hata hivyo kasoro kubwa ilijitokeza baadaye: hakuna kampuni iliyotumia orodha hizo katika hatua zilizofuata za kupanga mkakati.

Aliyewahi kukaa kwenye semina ya mpango mkakati anaijua hali hiyo. Bango kitita linajazwa “wafanyakazi wazoefu” na “ushindani mkali”, kisha karatasi zinachapwa kama kiambatisho huku bajeti ikifuata ya mwaka jana. “Wafanyakazi wazoefu” si nguvu mpaka ijulikane wana uzoefu wa nini, na kama washindani hawana watu wa aina hiyo.

Mwaka 1982 Heinz Weihrich alipendekeza hatua inayokosekana: kuzikutanisha orodha. Nguvu gani inaweza kushika fursa ipi? Nguvu ipi itapunguza makali ya kitisho? Kila jozi huzaa pendekezo la kitendo, na kwa kuwa mapendekezo huwa mengi kuliko fedha, hapo ndipo lazima kuchagua.

Fujifilm ya Japani inaonyesha fikra za namna hiyo, hata kama haikuziita SWOT. Mahitaji ya filamu za kamera yalifika kilele karibu mwaka 2000, kisha yakaporomoka kwa sababu ya kamera za dijitali. Orodha ya kawaida ingeandika “ujuzi wa kemia” upande mmoja na “teknolojia ya dijitali” upande wa pili, ikaishia hapo. Chini ya Shigetaka Komori, wahandisi walikagua ujuzi wao mmoja mmoja, kisha wakaulinganisha na masoko yaliyopo na mapya.

Matokeo yalikuwa mahususi. Utando wa plastiki uliobeba filamu ulifaa kutengenezea skrini bapa, soko lililokuwa likipanuka kwa kasi, kwa hiyo kampuni ikajenga viwanda vya kuuzalisha. Filamu hutumia jelatini inayotokana na kolajeni, na picha hulindwa zisichujuke kwa kemia inayozuia oksidi. Ujuzi huo ukaingia kwenye vipodozi vya Astalift, vilivyozinduliwa 2007.

Uchaguzi huo ulikuwa na gharama, na mpango mzuri huiandika waziwazi: nani atatekeleza, kwa fedha kiasi gani, na nini kitaachwa. Mwaka 2006 Fujifilm ilitangaza kupunguza takriban ajira 5,000, nyingi katika biashara ya picha iliyoijengea jina.