Maswali ya Mpangaji Mgeni Kabla ya Kutia Saini

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya kuwafungulia njia wafanyakazi wenye ujuzi kutoka Kenya. Anayesafiri kwa njia hiyo, kama wauguzi wengi waliomtangulia, hukaguliwa vyeti na hufundishwa Kijerumani cha wodini. Mkataba wa nyumba huwa hajafundishwa na mtu. Ni karatasi nyingi zenye vifungu vilivyobanana, zilizoandikwa kwa lugha ya wanasheria ambayo hata Mjerumani wa kawaida huisoma huku amekunja uso.

Haraka yake ndiyo hatari. Mpangaji aliyeiona nyumba kwanza kisha akatia saini hapewi na sheria ya Ujerumani siku za kubadili nia. Saini ikishakauka, mkataba umefungwa. Kwa hiyo wakati wa kumwomba mwenye nyumba afafanue ni pale mkataba ungali mezani, kalamu haijashikwa.

Tuchukue mfano wa muuguzi kutoka Kisumu aliyepata nyumba ya chumba kimoja na sebule mjini Leipzig. Kijerumani chake kinamtosha kuzungumza na wagonjwa, lakini kifungu cha mkataba kinamshinda. Akimwambia mwenye nyumba, “Sijaelewa, naomba unieleze,” atasomewa kifungu kilekile polepole zaidi. Njia inayofaa ni kuomba jibu la fedha na tarehe. “Kila mwezi itatoka yuro ngapi kwenye akaunti yangu, na ndani yake kuna nini?” Swali la namna hiyo halijibiki kwa lugha ya mahakama.

Jibu la kwanza atakalopata litakuwa na kodi mbili. Wajerumani huita kodi ya nyumba tupu kodi baridi. Ukijumlisha gharama za jengo, kama maji, taka, usafi wa ngazi na mara nyingi joto la nyumba, wanaiita kodi ya joto. Katika mfano wetu kodi baridi ni yuro 480 na gharama ni yuro 140, jumla 620. Umeme wa ndani na intaneti kwa kawaida hujilipia mwenyewe kando.

Hizo 140 ndizo zinazowaumiza wageni, kwa sababu huwa ni makadirio. Kwa mwaka mzima zinafika yuro 1,680. Hesabu halisi ikionyesha kwamba sehemu yake ya gharama ilikuwa yuro 2,010, atadaiwa nyongeza ya 330. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha kumpelekea mchanganuo, kwa hiyo deni la Januari moja linaweza kubisha hodi karibu miaka miwili baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kutumwa nyumbani. Akichelewa kupita hapo kwa uzembe wake, hawezi tena kudai nyongeza. Mpangaji naye ana miezi 12 ya kupinga tangu aupokee mchanganuo.

Swali la kuuliza hapa ni hili: “Mpangaji aliyetangulia, gharama zake halisi za mwaka jana zilikuwa kiasi gani?” Makadirio ya chini kupita kiasi huifanya nyumba ionekane rahisi kwenye tangazo. Mwenye nyumba anayeleta karatasi ya mwaka jana anasaidia sana. Akikwepa swali, mpangaji na aweke akiba tangu mwezi wa kwanza.

Dhamana ni nyepesi zaidi kuelewa. Sheria inaiwekea kikomo cha kodi baridi tatu. Kwa muuguzi wetu ni yuro 1,440. Akitajiwa 1,860, basi mtu amepiga hesabu kwa kodi ya joto, na yuro 420 hizo hazidaiki. Pia ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, ya kwanza ikianza pamoja na upangaji, hata kama mkataba unadai yote kwa mkupuo.

Kifungu kinachostahili muda mrefu kuliko vyote kwa kawaida ni kifupi: pande zote mbili zinaacha haki ya kukatisha mkataba kwa miezi 24. Mgeni huona neno “pande zote mbili” akatulia, akidhani analindwa asifukuzwe. Ni kweli analindwa, lakini amefungwa pia. Bila kifungu hicho mpangaji hutoa notisi ya miezi mitatu tu. Barua ikimfikia mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya Machi haijaisha, anaondoka mwisho wa Mei. Barua hiyo lazima iwe ya karatasi yenye saini ya mkono. Barua pepe haihesabiki. Kifungu kikiwepo, mlango wa notisi umefungwa kwa muda uliotajwa, na mahakama za Ujerumani zimekubali vifungu vya aina hii hadi miaka minne.

Muuguzi ambaye cheti chake bado kinashughulikiwa, na anayeweza kupata hospitali katika mji mwingine, anapaswa kuuliza hivi: “Nikipata kazi Hamburg mwezi wa saba, nitaendelea kulipa kodi hadi lini?” Kama jibu ni “mpaka miezi 24 iishe”, sasa ana kitu cha kujadili. Anaweza kuomba kifungu kifutwe, kipunguzwe hadi miezi 12, au iongezwe sentensi inayomruhusu kuondoka akileta mpangaji mwingine anayefaa. Asitegemee maneno ya mtaani kwamba ukileta watu watatu wa kukurithi unaachiwa. Hakuna kanuni ya jumla kama hiyo. Ruhusa hiyo sharti iwe ndani ya mkataba.

Rangi ya kuta inatosha kwa swali moja: “Nyumba hii imepakwa rangi upya?” Tarehe 18 Machi 2015 Mahakama Kuu ya Shirikisho, Karlsruhe, iliamua kwamba aliyepokea nyumba isiyokarabatiwa, bila fidia ya kutosha, hawezi kulazimishwa na kifungu cha kawaida kuikarabati. Picha na kumbukumbu ya makabidhiano iliyosainiwa na wote ndizo zitakazothibitisha hali ya kuta.

Baada ya mazungumzo kuna hatua ambayo wengi huiruka. Muuguzi amwandikie mwenye nyumba barua pepe ya sentensi chache: “Nashukuru kwa maelezo yako. Nimeelewa kwamba ninaweza kutoa notisi baada ya miezi 12, na kwamba dhamana nailipa kwa awamu tatu. Tafadhali nithibitishie, na urekebishe mkataba kabla sijasaini.” Maelezo ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha, na maandishi ya mkataba ndiyo yanayotazamwa kwanza ugomvi unapozuka.

Mwenye nyumba halazimiki kutafsiri mkataba wala kuueleza, na katika miji yenye foleni ya wapangaji anaweza kumpa mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo sheria haimwachi mpangaji peke yake: kifungu kilichochapwa tayari na mwenye nyumba, kikiwa na utata, hufasiriwa kwa faida ya mpangaji, na kikimwonea kupita kiasi hubatilika. Kifungu ambacho wawili walikijadili kwa kweli hakipati kinga hiyo, ndiyo maana kilichobadilishwa nacho kisomwe upya.

Miji mingi ya Ujerumani ina chama cha wapangaji ambacho, kwa ada ya mwaka, huwashauri wanachama kuhusu mikataba yao. Unayejiandaa kuhamia huko, omba nakala ya mkataba siku chache kabla ya siku ya kusaini, na ujiunge na chama hicho kabla hujapata mgogoro.