Gia Boksi ya Leclerc na Odi za Monaco

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, Charles Leclerc wa Ferrari alizunguka mitaa ya Monaco, mji aliozaliwa, kwa dakika 1 na sekunde 10.346. Hakuna aliyemfikia. Alipojaribu tena mwishoni mwa mchujo, akagusa kizuizi cha ndani kwenye kona za bwawa la kuogelea, gari likamponyoka na kujibamiza ukutani. Mchujo ukasimamishwa hapohapo, wakati wapinzani wake wakiwa bado njiani kujaribu kumshusha. Leclerc akabaki na nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio za Jumapili, na gari lililovunjika.

Kwa anayebeti mbio za langalanga, habari mbili zilifika kwa mpigo mmoja, na zilivuta odi kila moja upande wake. Nafasi ya kwanza ilizishusha odi za Leclerc. Ajali ilitakiwa kuzipandisha.

Tuanze na nafasi. Barabara za Monaco ni nyembamba mno kiasi kwamba gari lenye kasi zaidi linaweza kukaa nyuma ya lililo taratibu mpaka mwisho. Kuanzia 2010 hadi 2019, washindi wote kumi wa mbio hizo walianza ndani ya nafasi tatu za mbele, na saba kati yao walianza wa kwanza. Siyo hivyo kila mahali. Huko Spa, Ubelgiji, mwaka 2022, Verstappen alianza wa 14 kwa sababu ya adhabu ya kubadilisha injini, na bado akashinda kwa raha. Kwa hiyo matokeo ya mchujo husogeza bei kulingana na njia yenyewe: Monaco Jumamosi huamua mambo mengi, Spa huamua machache.

Hesabu yake inaonekana vizuri kwa mfano. Tarakimu hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu ieleweke. Hazikutoka kwenye kampuni yoyote. Tuseme kabla ya mchujo dereva ana uwezekano wa asilimia 30 wa kupata nafasi ya kwanza. Akiipata, atashinda mara 60 katika 100. Akiikosa, mara 12 tu. Ukizichanganya njia zote mbili, uwezekano wake wa kushinda ni kama asilimia 26, yaani odi ya haki ni karibu 3.80. Mchujo ukiisha akiwa wa kwanza, ile asilimia 30 imekuwa 100, na odi inaporomoka hadi 1.67. Aliyeweka shilingi 1,000 asubuhi angerudishiwa 3,800. Anayeweka jioni kwa dereva yuleyule na gari lilelile atarudishiwa 1,670. Dereva hakuongeza kasi. Swali moja kubwa limepata jibu, basi.

Sasa ile ajali. Ferrari walikuwa na uamuzi mgumu. Kwa kanuni za wakati ule, kubadilisha gia boksi kabla ya wakati wake kulimshusha dereva nafasi tano, na Leclerc angeanza wa sita. Waliikagua, wakasema hawakuona madhara makubwa, wakaiacha. Asilimia 60 ya mfano wetu ilikuwa tayari imebeba hatari ya kawaida ya gari kukwama, tuseme asilimia 5. Ukiamini kwamba gari lililotoka ukutani lina hatari ya asilimia 15, uwezekano wa ushindi unashuka hadi karibu 54, na odi ya haki inakuwa 1.86. Kampuni ikitoa 1.70 siku hiyo, inakuuzia nafasi ya kwanza bila kukupunguzia chochote kwa ajili ya ule ukuta.

Hapo ndipo wengi wanaposimama. Mimi naona sehemu yenye mafunzo zaidi iko kwenye soko la tatu bora, ambako unabeti dereva amalize wa kwanza, wa pili au wa tatu. Wengi hulichukulia kama soko salama, la kujazia mkeka kwa odi ndogo. Lakini mahali kama Monaco, anayeanza wa kwanza akimaliza mbio ni nadra atoke nje ya tatu bora. Tuseme akimaliza, yumo ndani mara 95 katika 100. Kwa gari zima, odi ya haki ni 1.11. Kwa gari lenye hatari ya asilimia 15, ni 1.24. Faida kwa kila shilingi 1,000 imetoka 110 hadi 240, zaidi ya mara mbili, kwa sababu moja tu ya ufundi. Kwenye odi ndogo kiasi hiki, hatari ya gari kukwama ndiyo sehemu kubwa ya hatari uliyonayo. Kasi ya dereva hapo ina sehemu ndogo.

Tena, shaka juu ya gari moja ni tumaini la lingine. Mtazame anayeanza wa nne. Tuseme hakuna kupitana kabisa, na kila gari lina hatari ya asilimia 5. Ili afike jukwaani, lazima angalau mmoja kati ya watatu walio mbele akwame na yeye mwenyewe amalize. Uwezekano wake ni kama asilimia 13.5, odi 7.40. Badilisha kitu kimoja tu, hatari ya gari la kwanza iwe 15: uwezekano unapanda hadi asilimia 22, odi ya haki inashuka hadi karibu 4.50. Hakuna aliyegusa gari lake, lakini bei yake imeyumba kuliko ya yule wa kwanza mwenyewe. Watu hutazama jina la kwanza kwenye orodha wakati habari ya gia boksi inamhusu zaidi wa nne.

Wa nne siku hiyo alikuwa Carlos Sainz, mwenzake Leclerc pale Ferrari, na wa tano Lando Norris wa McLaren. Jumapili, Leclerc alipotoka piti kwenda kujipanga, gari likamfia. Gia boksi haikuwa na tatizo. Iliyovunjika ilikuwa habu ya shafti ya upande wa kushoto. Nafasi ya kwanza ikabaki tupu. Verstappen, aliyekuwa wa pili, akaongoza tangu mwanzo na akashinda. Bottas akashika nafasi ya pili mpaka alipoingia piti kubadilisha matairi: bunduki ya hewa ikaliparua jino la nati ya gurudumu la mbele kulia, gurudumu likagoma kutoka, na mbio zake zikaishia palepale. Sainz akamaliza wa pili, Norris wa tatu. Wawili walikwama mbele yao, na wao wakapanda ngazi mbili kila mmoja. Ni hesabu ileile, ila ilitokea mara mbili kwa siku moja.

Odi za kampuni, hata hivyo, huwa chini ya odi ya haki, na ukubwa wa tofauti unaweza kuupima mwenyewe. Gawanya 100 kwa odi ya kila dereva kisha ujumlishe. Soko la mshindi lingekuwa la haki kama jumla ni 100. Soko la tatu bora lina viti vitatu, kwa hiyo linganisha na 300. Kinachozidi ni cha kampuni. Ikifika 360, umekatwa sehemu kubwa kabla injini haijawashwa, na tofauti kama ile ya 1.70 na 1.86 inaweza kumezwa yote.

Na je, aliyembeti Leclerc Jumamosi usiku alipoteza dau? Inategemea kanuni za kampuni yake. Nyingi huhesabu kwamba mbio zimeanza pale magari yanapoondoka kwa mzunguko wa kupasha matairi moto. Leclerc hakufika hapo, kwa hiyo chini ya kanuni hiyo hakushiriki, na dau hurudishwa. Nyingine hufuata utaratibu wa kwamba dau limeshawekwa, dereva ashiriki asishiriki. Tofauti ya dakika chache ingebadilisha kila kitu: habu ileile ingevunjika kwenye mzunguko wa kupasha moto, hata wale wa kundi la kwanza wasingerudishiwa shilingi. Kipengele hicho kimeandikwa kwenye kanuni za michezo ya magari, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa, na nafasi yake kusomwa ni Ijumaa, kabla odi hazijaanza kukimbia.