Adapta ya Bluetooth kwa kompyuta ya zamani: Mita za kwenye boksi zisikudanganye

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za mezani zilizotengenezwa miaka kumi na zaidi iliyopita wamebaki na hedifoni za waya, kwa sababu mashine hizo zilitoka kiwandani bila redio ya Bluetooth.

Dawa yake ni adapta ndogo, yenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ambayo huchomekwa kwenye tundu la USB. Hata hivyo, wapo wanaoinunua na kurudi dukani baada ya siku mbili wakilalamika kuwa sauti inakatikakatika, au kwamba imekuwa nyembamba kama ya simu, wakidhani kuwa wameuziwa hedifoni mbovu.

Mara nyingi hedifoni hazina kosa. Tatizo huwa ni mahali adapta ilipochomekwa, au draiva na mpangilio wa sauti ndani ya kompyuta, na yote mawili hurekebishika kwa gharama ndogo au bila gharama kabisa.

Ichukuliwe, kwa mfano, kompyuta ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo anayeishi na wadogo zake katika vyumba viwili vya kupanga Kinondoni. Husikiliza mihadhara usiku, wenzake wakiwa wamelala, hivyo spika hawezi kuzifungua.

Kasha la kompyuta hiyo, ambalo wengi wamezoea kuliita sipiyu, liko chini ya meza na mgongo wake umeelekea ukutani. Mwanafunzi amenunua adapta ambayo boksi lake limeandikwa "Bluetooth 5.3" na "100m", akaichomeka nyuma ya kasha, katika tundu la buluu lililo jirani na diski ya nje.

Usiku wa kwanza sauti inakatika akiwa amekaa kwenye kiti chake. Anapokwenda jikoni, hatua chache tu nyuma ya ukuta wa matofali, inapotea kabisa. Mita 100 zilizoahidiwa hazionekani.

Umbali wa kweli

Mita hizo si uongo mtupu, bali ni kipimo cha uwanja wa wazi. Redio za Bluetooth hugawanywa kwa madaraja ya nguvu. Daraja la 1 hurusha hadi miliwati 100 na huhesabiwa kufika mita 100, wakati daraja la 2 hurusha hadi miliwati 2.5 na huhesabiwa kufika mita 10.

Jambo ambalo boksi halisemi ni kwamba mawasiliano haya ni ya pande mbili. Kila pakiti ya sauti inayofika kwenye hedifoni hujibiwa kwamba imepokewa, na jibu lisipofika, kompyuta huirudia pakiti hiyo. Hedifoni nyingi, kwa kubana matumizi ya betri, hurusha kwa nguvu ndogo ya daraja la 2. Adapta ya daraja la 1 ni sawa na mtu mwenye sauti kubwa anayezungumza na mtu anayenong'ona. Kupaza sauti kwake hakumwezeshi kumsikia mwenzake.

Namba ya 5.3 nayo haiongezi umbali kwa mtumiaji huyu. Ni kweli kwamba toleo la 5, lililotoka mwaka 2016, lilitangazwa kwa umbali mara nne ya ule wa awali. Lakini ongezeko hilo ni la njia ya mawasiliano ya matumizi madogo ya umeme, inayotumiwa zaidi na vifaa kama saa na vitambuzi. Muziki na mihadhara katika Windows 10 bado hupita katika njia ile kongwe ya Bluetooth, ambayo haikuguswa na mabadiliko hayo. Adapta halisi ya toleo la 4.0 ingempa mwanafunzi huyo umbali uleule.

Kinachopunguza umbali nyumbani ni vizuizi. Mawimbi ya Bluetooth yako katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hayapiti kwenye bati la kasha la kompyuta, hudhoofishwa na kuta za zege, na humezwa na maji, ukiwamo mwili wa binadamu. Adapta iliyochomekwa nyuma ya kasha, chini ya meza, ina bati mbele yake na ukuta nyuma yake kabla hata haijakutana na magoti ya msikilizaji.

Tundu la buluu nalo lina hila yake. Matundu ya USB 3.0, ambayo kwa kawaida huwa na plastiki ya buluu, yanaposafirisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa hayohayo ya gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel, ambayo ni miongoni mwa wabunifu wa USB, ilieleza tatizo hilo katika andiko la kitaalamu la mwaka 2012. Diski ya nje inaponakili mafaili sentimita mbili kutoka kwenye adapta, kelele hiyo huizidi sauti dhaifu inayotoka kwenye hedifoni.

Suluhisho ni waya wa kurefusha USB 2.0 wa mita moja, bidhaa ya bei ndogo kuliko hata adapta yenyewe. Upande mmoja huchomekwa kwenye tundu jeusi lililo mbali na diski, na adapta huwekwa juu ya meza, mahali inapoweza kuonana na hedifoni bila kizuizi. Hakuna kasi inayopotea, kwani sauti ya Bluetooth huhitaji kilobiti mia chache tu kwa sekunde, na tundu la kale la USB hubeba megabiti 12.

Baada ya kufanya hivyo, mwanafunzi wa Kinondoni anasikiliza bila kukatika akiwa mezani, na hata jikoni sauti inafika, ingawa hudonoka mlango unapofungwa. Zaidi ya hapo asitarajie.

Namna ya kutambua chanzo si ngumu. Sauti ikikatika mahali palepale kila mara, tatizo ni umbali au kizuizi. Ikikatika wakati wa kunakili mafaili kwenye diski ya nje, ni kelele ya USB 3.0. Ikikatika wakati wa kupakua kitu kutoka intaneti, mshukiwa ni Wi-Fi ya gigahezi 2.4, na hapo inafaa kuihamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 au kwenye waya.

Draiva: pungufu ndiyo bora

Kwa upande wa draiva, la kwanza ni kujua toleo la Windows, kwa kuandika `winver` kwenye kisanduku cha kutafutia. Windows XP, Vista na 7 hazikuja na uwezo wao wenyewe wa kupeleka sauti ya stereo kwa Bluetooth, ndiyo maana katika mashine hizo hedifoni huunganishwa lakini huishia kuonekana kama kifaa kisicho na draiva. Humo ni lazima ipatikane programu ya mtengenezaji wa adapta.

Kuanzia Windows 8 uwezo huo umo ndani ya mfumo. Windows 10 nayo inao, ijapokuwa Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo, kabla ya kuingiza sidii ya ndani ya boksi, ambayo kompyuta nyingi hazina tena mahali pa kuiweka, ni vyema kuchomeka adapta huku intaneti ikiwa wazi na kuiacha Windows itafute draiva yenyewe kwa dakika chache.

Kisha huandikwa `devmgmt.msc` ili kufungua orodha ya vifaa. Chini ya kichwa cha Bluetooth panapaswa kuonekana jina la adapta bila alama ya njano. Ikionekana alama hiyo pamoja na maneno "Code 10", adapta imeshindwa kuanza. Hapo ndipo inapofaa kuchukua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, si kwenye tovuti zinazoahidi draiva za kila kifaa. Hitilafu ikibaki na draiva sahihi, huenda chipu ni ya kuigiza, na ni busara kuirudisha dukani.

Kompyuta ikiwa na Bluetooth nyingine ya ndani, nayo izimwe katika orodha hiyohiyo, kwa sababu Windows haifanyi kazi na redio mbili za Bluetooth kwa wakati mmoja.

Hapohapo mnunuzi anaweza kuupima ukweli wa boksi. Akibofya jina la adapta mara mbili na kufungua ukurasa wa "Advanced", atakuta namba ya LMP. LMP 6 ni toleo la 4.0, LMP 9 ni 5.0, na 5.3 halisi huwa LMP 12.

Sauti iliyogeuka ya simu

Tatizo la mwisho ndilo linalowasumbua watu zaidi, kwa kuwa hutokea wakati kila kitu kinaonekana kuwa sawa. Mwanafunzi anasikiliza mhadhara vizuri, anaingia kwenye kikao cha mtandaoni, na ghafla sauti inakuwa nyembamba, ya upande mmoja, kama inatoka ndani ya debe.

Sababu ni kwamba njia kongwe ya Bluetooth ina mitindo miwili. Mmoja ni wa stereo, unaopeleka sauti safi lakini bila maikrofoni. Mwingine ni wa simu, unaobeba sauti na maikrofoni pamoja lakini huchukua sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, ikilinganishwa na 44,100 za sidii. Programu yoyote inapofungua maikrofoni ya hedifoni, Windows 10 huhamia kwenye mtindo wa simu.

Katika orodha ya sauti, hedifoni moja huonekana kwa majina mawili, moja likiishia na "Stereo" na jingine na "Hands-Free AG Audio". La kuchagua ni la kwanza, na katika programu ya kikao ichaguliwe maikrofoni nyingine, iwe ya kamera ya USB au ile ya bei nafuu inayochomekwa kwenye tundu la waridi. Asiyehitaji kabisa maikrofoni ya hedifoni anaweza kuifunga: katika "Devices and Printers" hufungua "Properties" za hedifoni, kisha "Services", na kuondoa alama kwenye "Handsfree Telephony".

Kwa kompyuta ambayo draiva zake zimeshindikana, kama zile zilizobaki na Windows 7, ipo njia ya pembeni: kirushi cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la kijani la spika na kuchukua umeme wa USB. Hicho huungana na hedifoni kwa kubonyeza kitufe chake na hakihitaji draiva yoyote. Hasara yake ni kwamba hakirudishi sauti ya maikrofoni, na katika filamu mdomo wa mwigizaji unaweza kutangulia maneno kwa karibu robo ya sekunde.