Sampuli Chache, Sauti Nyingine

Wimbi la sini ndilo umbo sahili kuliko yote ambalo sauti inaweza kuwa nalo. Mluzi mwembamba uliotulia unalikaribia sana. Ili kuliona kwa macho, baiskeli hupinduliwa matairi juu, gurudumu likazungushwa kwa mwendo usiobadilika, na jicho likafuata valvu, kile kichuma cha kujazia upepo. Valvu ikianzia usawa wa ekseli, hupanda hadi juu kabisa, hurudi usawa wa ekseli, hushuka hadi chini, kisha hurejea ilikoanzia. Kimo chake kikichorwa kwenye karatasi huku muda ukisogea kulia, mstari unaotokea ni wimbi la sini. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni mzunguko mmoja wa wimbi, na idadi ya mizunguko katika sekunde moja huitwa masafa, yanayopimwa kwa hezi. Noti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganisha ala zao ina masafa ya hezi 440. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi karibu 20,000.

Chombo cha kurekodi kidijitali hakiuhifadhi mstari huo. Maikrofoni hugeuza mitikisiko ya hewa kuwa volteji inayopanda na kushuka, kisha kifaa kiitwacho kigeuzi huipima volteji hiyo kila baada ya muda uleule na kuandika namba. Kila kipimo ni sampuli moja. Kilichotokea kati ya sampuli moja na inayofuata hakiandikwi popote. Simu za kawaida zimetumia sampuli 8,000 kwa sekunde kwa miongo mingi, na sidi za muziki, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hutumia 44,100. Kasi ya simu ina namba nyepesi kukokotoa, kwa hiyo ndiyo itakayofuatwa hapa.

Mlio wa hezi 1,000 ukiingia kwenye kigeuzi cha sampuli 8,000, kila mzunguko hupata sampuli nane. Kwa lugha ya gurudumu, ni kama kamera inayopiga picha kila valvu inapokuwa imesogea sehemu moja ya nane ya duara, yaani nyuzi 45. Umbali kutoka ekseli hadi valvu ukihesabiwa kuwa 1, vimo vinavyoandikwa ni hivi: 0, 0.71, 1, 0.71, 0, −0.71, −1, −0.71, kisha vinaanza upya. Akiziangalia namba hizo, hata asiyejua hesabu anauona mlima na bonde.

Mlio ukipandishwa hadi hezi 3,000, mambo hayaonekani wazi namna hiyo. Sasa gurudumu linazunguka nyuzi 135 kati ya picha na picha, na kila mzunguko unapata sampuli zisizofika tatu. Namba zinakuwa 0, 0.71, −1, 0.71, 0, −0.71, 1, −0.71. Nukta hizo zikiunganishwa kwa rula hutoka mstari wenye meno ya ovyo, na mtu anaweza kudhani wimbi limeharibika. Halijaharibika hata kidogo. Hapa ndipo michoro ya vitabu vingi inapopotosha, kwa kuionyesha sauti ya kidijitali kama ngazi au kama nukta zilizounganishwa kwa mistari iliyonyooka. Chombo cha kucheza sauti hakiishii kwenye ngazi. Namba zikishageuzwa kuwa volteji, hupitishwa kwenye kichujio kinachoondoa kila kitu kilicho juu ya nusu ya kasi ya sampuli, yaani juu ya hezi 4,000. Chini ya mpaka huo liko wimbi moja tu linaloweza kupita katika nukta hizo zote, nalo ni lile la hezi 3,000. Kichujio hulirejesha likiwa laini, pamoja na vipande ambavyo havikupimwa. Kuongeza sampuli nyingine kwa kila mzunguko kusingelifanya liwe laini zaidi.

Tatizo huanza pale mlio unapovuka mpaka huo. Tuseme mlio ni wa hezi 7,000. Kati ya picha moja na nyingine, gurudumu sasa linazunguka nyuzi 315, na kabla valvu haijamaliza duara, kamera inabofya. Picha ya pili inamwonyesha mtazamaji valvu ikiwa nyuzi 45 nyuma ya ilipokuwa. Namba zinazoandikwa ni 0, −0.71, −1, −0.71, 0, 0.71, 1, 0.71. Zikiwekwa kando ya zile za hezi 1,000, ni zilezile, ila mlima umegeuka bonde na bonde limegeuka mlima. Sikio halitofautishi mlio uliopinduliwa hivyo. Chombo cha kucheza, ambacho hakijui chochote isipokuwa namba, kitatoa mlio safi wa hezi 1,000, na mlio wa 7,000 hautasikika kabisa.

Jambo hili huonekana pia katika video za simu. Pangaboi linalozunguka kasi huonekana kwenye video kana kwamba linarudi nyuma polepole, au limesimama. Kamera haina hitilafu: kila picha ni ya kweli, lakini kati ya picha na picha pangaboi limekwenda mbali mno kiasi kwamba macho huchagua maelezo mafupi zaidi, kwamba limerudi nyuma kidogo. Kichujio cha sauti nacho hufanya hivyo, kwa sababu kimetengenezwa kuchagua masafa ya chini kila wakati.

Mlio wa hezi 9,000 nao una kisa chake. Gurudumu linamaliza duara zima na kuongeza nyuzi 45, na namba zake ni sawasawa na za hezi 1,000, bila hata kupinduliwa. Kwa hiyo namba zilezile zinaweza kutoka kwa mlio wa 1,000, wa 7,000, wa 9,000, na mingine mingi zaidi juu yake. Hakuna namna ya kuzichunguza zikasema zimetoka kwa upi. Masafa haya ya uongo, yanayojitokeza mahali pa yale ya kweli, yanaweza kuitwa masafa bandia.

Mahali yanapoangukia pana utaratibu. Hezi 4,000 ni kama kioo: mlio ulio juu yake kwa kiasi fulani huonekana chini yake kwa kiasi kilekile. Mlio wa 5,000 husikika kama 3,000, wa 6,000 kama 2,000. Mafundi hutumia tabia hii kukagua vifaa. Huingiza mlio mmoja na kuupandisha taratibu kutoka chini kwenda juu. Kwenye kifaa chenye kasoro, mlio hupanda hadi 4,000, kisha huanza kushuka ilhali unaoingizwa bado unapanda, hadi unazama katika ukimya unapofika 8,000.

Mpaka wenyewe una mtego. Mlio wa hezi 4,000 kamili hupata sampuli mbili kwa kila mzunguko, na mtu angedhani zinatosha. Lakini kamera ikibofya kila valvu inapopita usawa wa ekseli, namba zote ni sifuri, na rekodi ni kimya kitupu. Ikibofya robo duara baadaye, namba ni 1, −1, 1, −1, na mlio unasikika kwa nguvu zote. Matokeo yanategemea bahati. Kwa hiyo sampuli lazima ziwe zaidi ya mbili kwa kila mzunguko, si mbili kamili. Mpaka huu umepewa jina la Harry Nyquist, mhandisi aliyeandika mwaka 1928 kuhusu upelekaji wa taarifa za telegrafu. Vladimir Kotelnikov wa Urusi alieleza kanuni ya sampuli mwaka 1933, naye Mmarekani Claude Shannon akaitoa pamoja na uthibitisho wake mwaka 1949.

Sauti za kweli si wimbi moja. Noti ya zumari au ya mwimbaji ina wimbi la msingi na juu yake mawimbi mengine yenye masafa ya mara mbili, mara tatu, mara nne ya msingi, na mpangilio huo ndio unaoifanya isikike tamu. Noti ya msingi wa hezi 1,500 ina mawimbi ya 3,000, 4,500, 6,000 na 7,500. Ikirekodiwa kwa sampuli 8,000 bila kinga, mawili ya kwanza yanabaki salama. La 4,500 linageuka 3,500, la 6,000 linakuwa 2,000, na la 7,500 linaangukia 500, chini ya noti yenyewe. Mwimbaji akipandisha sauti kidogo hadi 1,550, hayo matatu yanashuka hadi 3,350, 1,800 na 250. Sikio hulitambua jambo hili upesi: noti inapanda, na ndani yake kuna milio ya kibatibati inayokwenda kinyume.

Kinga ni kuweka kichujio kabla ya kigeuzi, ili mawimbi yaliyo juu ya mpaka yasifike kupimwa. Katika simu, sauti huchujwa ibaki kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Nafasi kutoka 3,400 hadi 4,000 huachwa kwa sababu hakuna kichujio kinachokata kama kisu. Kila kimoja huhitaji mteremko. Gharama yake husikika kila siku. Sehemu kubwa ya sauti ya herufi s iko juu ya hezi 4,000, na kwa kuwa huchujwa, "soka" na "foka" hukaribia kufanana kwenye simu ya namna hiyo. Sidi nazo zina mteremko wake, kati ya 20,000 na 22,050. Namba ya ajabu ya 44,100 yenyewe ilitokana na mashine za kanda za video zilizotumiwa kuhifadhi rekodi za kwanza za kidijitali: sampuli 3 kwa kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, au kwa mfumo wa Ulaya mistari 294, mara 50 kwa sekunde. Hesabu zote mbili hutoa 44,100.

Kosa hutokea zaidi siku hizi wakati wa kupunguza ukubwa wa faili. Rekodi ya sampuli 48,000 huonekana rahisi kuifanya ya 8,000: inabakizwa sampuli moja katika kila sita, na nyingine zinatupwa. Kila iliyobaki ni sahihi, lakini mlio wa 7,000 uliokuwa salama kwenye faili la kwanza sasa umekuwa 1,000. Programu nzuri huchuja kwanza kila kilicho juu ya 4,000, ndipo hupunguza. Isipofanya hivyo, s za msemaji huporomoka na kuwa kelele nzito ya mkwaruzo katikati ya irabu zake. Kuweka kichujio baada ya hapo hakusaidii, kwa kuwa mlio bandia wa 1,000 umekwisha kujumlishwa na 1,000 ya kweli ndani ya namba moja. Inabidi kurudi kwenye faili la awali, kama bado lipo.