Saa za Setilaiti na Hesabu za Einstein

Simu inapokuonyesha uko mtaa gani, kitu inachopima hasa ni muda. Kila setilaiti ya GPS hutangaza saa kamili ilipotoa ishara yake na mahali ilipokuwa wakati huo. Kipokezi kilichomo ndani ya simu huhesabu ishara imekaa njiani muda gani, kisha hugeuza muda huo kuwa umbali. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, takriban sentimita 30 kwa kila nanosekunde, yaani kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Saa ikikosea mikrosekunde moja tu, umbali unakosewa kwa mita 300.

Setilaiti za GPS hubeba saa za atomiki, ambazo zina uthabiti wa kutosha kwa kazi hiyo. Lakini hata saa isiyo na hitilafu yoyote, ikipelekwa kilomita 20,200 juu ya ardhi, haitaendana na ile iliyobaki chini. Nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein inataja sababu mbili, nazo zinavutana. Setilaiti inakimbia karibu kilomita 3.9 kwa sekunde, na saa iliyo katika mwendo huenda polepole ikilinganishwa na iliyotulia: hapo inachelewa takriban mikrosekunde 7.2 kwa siku. Upande wa pili, huko juu graviti ya dunia ni hafifu, na mahali graviti inapopungua saa huenda kasi zaidi: hapo inatangulia mikrosekunde 45.8 kwa siku. Sababu ya pili inaizidi ya kwanza, kwa hiyo saa ya angani inatangulia mikrosekunde 38.6 kila siku. Zigeuze kuwa umbali, utapata kilomita 11 na nusu.

Wahandisi wa miaka ya 1970 hawakukubaliana wote juu ya jambo hili. Setilaiti ya majaribio NTS-2 iliporushwa tarehe 23 Juni 1977, ikiwa na saa ya kwanza ya sizi kuwahi kupelekwa angani, walikuwamo waliotilia shaka kama marekebisho hayo yanahitajika kweli. Wakafanya jambo la busara sana. Waliweka ndani yake kifaa cha kurekebisha mwendo wa saa, lakini wakakiacha kimezimwa. Kwa siku 20 hivi waliiacha saa iende yenyewe huku wakiilinganisha na za ardhini. Ikaonekana inatangulia kiasi cha mikrosekunde 38.2 kwa siku, wakati nadharia ilitabiri 38.6. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa ndani ya mipaka ya usahihi wa saa yenyewe. Kifaa kikawashwa.

Tangu hapo marekebisho haya hufanyika kabla setilaiti haijaondoka ardhini. Masafa ya msingi ya GPS ni megahezi 10.23, lakini saa hupangwa itoe megahezi 10.22999999543. Ikishafika kwenye njia yake angani, mwendo wake unaongezeka kwa kiasi kilekile kilichopunguzwa, na anayeipokea chini anaiona ikienda sawasawa.

Maelezo mengi ya jambo hili huishia hapo, na kumwachia msomaji wazo kwamba bila Einstein simu ingekosea mahali kwa kilomita 11 kila siku. Hilo si sahihi, na inafaa tuone kwa nini. Kilomita 11 na nusu ni kosa la umbali wa kila setilaiti, si kosa la mahali ulipo. Simu yenyewe haina saa ya atomiki; ina saa ya bei nafuu inayokosea vibaya. Kwa hiyo kipokezi hutafuta majibu manne kwa pamoja: latitudo, longitudo, kimo, na kosa la saa yake, ndiyo maana kinahitaji angalau setilaiti nne. Sasa, kama saa zote za angani zimetangulia kwa kiasi kimoja, kipokezi kitalihesabu kosa hilo kama la saa yake na kuliondoa. Wajumbe ambao saa zao zote zimetangulia dakika kumi bado watafika kikaoni pamoja. Kitakachobaki ni kidogo: setilaiti zitadhaniwa ziko sentimita 15 hivi mbele ya zilipo, na kiasi hicho kitaongezeka kila siku. Wanaotumia GPS kupata saa sahihi, kama mitandao ya simu, ndio wangeumia mapema.

Kosa la mahali hukua pale saa zinapokosea kwa viwango tofauti. Mfano mzuri ni mfumo wa China, BeiDou, ambao una setilaiti za vimo tofauti. Nyingi huzunguka kwenye kimo cha kilomita 21,500 hivi, na nyingine ziko karibu kilomita 35,800. Mojawapo ya hizi za juu imetulia juu ya ikweta kwenye longitudo 80 Mashariki, na kutoka pwani ya Afrika Mashariki huonekana upande wa Bahari ya Hindi. Nimepiga hesabu ileile ya mwendo na graviti: saa za chini hutangulia mikrosekunde 39.6 kwa siku, za juu 46.6. Tofauti ni mikrosekunde 7. Kipokezi kinachochanganya ishara za makundi hayo mawili bila marekebisho kingeona vipimo vyake vya umbali vikipishana kwa mita 87 baada ya saa moja, na zaidi ya kilomita mbili baada ya siku. Hapo saa ya simu haiwezi kubebeshwa lawama, kwa sababu hakuna kosa moja linalozifaa setilaiti zote. Vituo vya ardhini vingeweza kupima upishano huo na kutuma masahihisho, lakini kati ya ujumbe mmoja na mwingine kosa lingeendelea kukua.

Kuna marekebisho mengine yasiyoweza kufanywa kiwandani. Hakuna setilaiti inayozunguka kwenye duara kamili. Ikikaribia dunia inaongeza kasi na kuingia kwenye graviti kubwa zaidi, hivyo saa yake inapungua mwendo. Ikienda mbali, saa inachangamka. Kosa hili halikui siku hadi siku, bali linapanda na kushuka kila mzunguko, na kila setilaiti iko kwenye hatua yake. Kazi ya kulisahihisha imeachiwa kipokezi, kwa kanuni hii:

Δt = F · e · √A · sin E

Hapa F ni namba isiyobadilika, e ni kipimo cha jinsi njia ilivyoacha kuwa duara, A ni nusu ya kipenyo kirefu cha njia hiyo, na E huonyesha setilaiti imefika wapi. Setilaiti ya GPS yenye e ya 0.01 huyumba nanosekunde 23 kila upande, karibu mita 7. Mtengenezaji akiisahau kanuni hii, dalili yake ni kosa la mita kadhaa linalojirudia kila baada ya saa 12 hivi.

Tarehe 22 Agosti 2014 setilaiti mbili za mfumo wa Ulaya, Galileo, zilifikishwa kwenye njia isiyo yake. Hata baada ya kusogezwa, e yake ilibaki kama 0.16, na saa zake zikawa zinayumba takriban nanosekunde 370, sawa na mita 110. Kwa huduma ya kawaida hilo lilikuwa pigo. Wanafizikia wa Ufaransa na Ujerumani, hata hivyo, waliziona kuwa maabara: saa bora, zikipanda na kushuka maelfu ya kilomita mara mbili kila siku. Walizifuatilia kwa muda mrefu, na mwaka 2018 vikundi viwili vilichapisha vipimo vya athari ya graviti juu ya saa vilivyo sahihi kuliko vile vya roketi ya Gravity Probe A ya mwaka 1976.